Nikitoa «tu» na «labda», je, nakuwa mkali?

*«Natafsiri ujumbe ambao wauguzi wa kliniki moja wanaandika kwa Kiingereza kwenda kwa wagonjwa. Mhariri amenirudishia kazi, amekata karibu kila "tu" na "labda" niliyoweka, pembeni ameandika: "Hizi zimetoka wapi?" Zimetoka kwenye "just", "kind of" na "maybe", na kila nikizitoa naona muuguzi anageuka mkali. Nani yuko sahihi kati yetu?»*
— Mfasiri, Morogoro

Mhariri wako yuko sahihi kwa nyingi, lakini kama amekata karibu zote bila kuchagua, nina hakika kuna mbili tatu alizozikata ambazo zilibeba tiba yenyewe. Wewe nawe hofu yako ni ya kweli: kitu fulani kinapotea maneno yale yakitoka. Ila dawa yake haiko kwenye kuyarudisha maneno yaleyale.

Tuchukue ujumbe mmoja tuufanyie kazi. Nimeutunga mwenyewe, ila ukiulinganisha na ulio nao kwenye faili lako nadhani utauona ni ndugu yao:

```
Hi Rehema, just checking in. You said you felt kind of
dizzy. It's maybe the new tablets, so maybe take just
half tonight. Could you just pop in tomorrow?
```

Ujumbe mfupi, na ndani yake mna «just» tatu, «maybe» mbili na «kind of» moja. Mfasiri anayekwenda neno kwa neno ataandika hivi: «Habari Rehema, nakuangalia tu. Ulisema ulihisi aina ya kizunguzungu. Ni labda vidonge vipya, kwa hiyo labda meza nusu tu leo usiku. Unaweza tu kupita kesho?» Ukimsomea mtu yeyote wa Morogoro atakuelewa, kisha atakuuliza huyu muuguzi ana wasiwasi gani. Anaonekana hana uhakika na dawa, hana uhakika na kipimo, na hilo «nakuangalia tu» linatia hata hofu kidogo.

Mwaka 1982 mwanaisimu Ellen Prince na wenzake wawili walichunguza jinsi madaktari wanavyozungumza wao kwa wao, wakayagawa maneno haya ya kulegeza kauli katika makundi mawili. Kuna yanayogusa jambo lenyewe linalosemwa: kiasi chake, ukaribu wake, mipaka yake. Na kuna yanayomgusa msemaji, yaani amejifunga kiasi gani na alichokisema. Kwa kazi ya tafsiri mimi huongeza kundi la tatu, la yale yasiyogusa jambo wala uhakika wa msemaji, yaliyowekwa ili mtu asiamrishwe waziwazi. Hayo ni ya adabu tupu, na kwenye ujumbe wa wauguzi ndiyo mengi.

Kwa hiyo kabla hujatafsiri, lifute neno kwenye Kiingereza halafu ujiulize: mgonjwa atafanya kitu tofauti? Akimeza dozi nyingine, akiamini jambo ambalo muuguzi hakulithibitisha, neno lile lina kazi ya taarifa na lazima lionekane kwenye Kiswahili. Kama kitakachobadilika ni sauti ya muuguzi peke yake, neno lenyewe liache. Adabu yake itafutie mahali pengine kwenye sentensi, pale Kiswahili kinapoiweka siku zote.

Tuanze na «just», maana ndiyo inayozaa zile «tu» zako. «Tu» ya Kiswahili inakaa nyuma ya neno inalolifunga, na ikihama, maana inahama nayo. «Meza nusu tu» inafunga kiasi: usizidishe nusu. «Meza tu nusu» inaanza kusikika kama unambembeleza mtu aliyekataa dawa: we meza, usijali. Katika ujumbe wetu, «just» iliyo mbele ya «half» ni ya kiasi. Hiyo inabaki, na inabaki nyuma ya nusu. Mhariri akiikata amefuta agizo la muuguzi, na hapo una haki ya kubishana naye mpaka asubuhi.

Ile ya kwanza, ya kujulia hali, na ile ya mwisho, ya kupita kesho, ni za adabu. Ukiweka «tu» pale, Mswahili anasikia kitu ambacho Mwingereza hakukisema. «Nilitaka tu kuuliza» kwa sikio la wengi ni kauli ya mtu anayejitetea: sikuwa na nia nyingine jamani, mbona mnanitazama hivyo? Najua siku hizi inasikika kila mahali, hasa maofisini, na sitaki kuwa askari wa lugha. Lakini kwa mgonjwa aliye nyumbani, anayepokea ujumbe usiku, sentensi hiyo inaacha swali la nini kinafichwa.

Kiswahili kina namna yake ya kusema kwamba mtu amepiga simu bila jambo kubwa: «Nimeona nikujulie hali.» Hiyo «nimeona ni…» inafanya kazi yote ya «just» ya kwanza. Inaonyesha kwamba wazo limemjia msemaji mwenyewe, halina shinikizo, na mpokeaji hadaiwi kitu. Namna nyingine ni kurudisha kitenzi nyuma, kama wateja wanavyofanya dukani: «Nilikuwa naulizia bei ya hiki.» Mtu amesimama pale pale, anauliza sasa hivi, lakini anasema nilikuwa, na ulaini unaingia bila neno la ziada.

Iko «just» nyingine ambayo kwenye ujumbe wetu haimo, ila kwenye majibu ya wagonjwa itakufikia, na ina hatari yake. Ni ile ya jambo lililotokea muda huu huu. Ukiambiwa kwa Kiingereza kwamba mtu amemeza dawa punde, usiandike «nimemeza dawa tu». Hiyo maana yake amemeza dawa bila kitu kingine, yaani hajala. Kwa dawa zinazotakiwa kumezwa na chakula, umempelekea muuguzi taarifa mpya kabisa ambayo mgonjwa hakuitoa. Tunasema «nimetoka kumeza dawa», au «nimemeza sasa hivi», au «ndiyo kwanza nimemeza». Ajabu ni kwamba «tu» inaweza kuhusu muda, ila inahitaji mlango wake: «alipofika tu akaanguka», «mara tu ukimaliza dozi». Nje ya mlango huo inarudi kwenye kazi yake ya kufunga.

Na kuna «tu» ambazo ni zetu wenyewe, hazikutoka Kiingereza popote, na mhariri asije akazigusa. Mgonjwa akiulizwa hali akajibu «nzuri tu», hajasema hali yake imepungukiwa. «Tu» pale inamtuliza anayeuliza. «Karibu tu», «ingia tu», «sema tu usiogope», zote zinafungua mlango. Lakini akijibu «nipo tu», na zaidi akirudia «nipo nipo tu», muuguzi anayejua watu atavuta kiti. Ukitafsiri majibu kwenda Kiingereza, hizo mbili zisitoke sawa. «Nzuri tu» toa kama hali nzuri, «tu» yake iache. «Nipo tu» ifafanue: anasema anaendelea hivyo hivyo, hakusema ni mzima.

Sasa «kind of», na hapa ndipo Kiswahili kinapokudai zaidi ya Kiingereza. «Aina ya kizunguzungu» iondoe kwanza. Aina kwetu ni jamii ya kitu: aina ya samaki, aina ya kitambaa. Ukimwambia muuguzi wa Ifakara kwamba mgonjwa ana aina ya kizunguzungu, atakuuliza ni aina ipi.

Tatizo la ndani zaidi ni kwamba «kind of» inaficha maana mbili ambazo Mwingereza halazimiki kuzitenganisha. Huenda Rehema alisikia kizunguzungu chenyewe, ila chepesi. Au alisikia kitu ambacho hajui akiite nini, kikawa karibu na kizunguzungu: macho kuingia giza, kichwa kuwa chepesi, miguu kulegea. Ya kwanza kwetu ni «kizunguzungu kidogo». Ya pili ni «kama kizunguzungu hivi». Huwezi kuandika moja ikasimama kwa zote mbili, na kwa daktari tofauti yake si ndogo, kwa sababu kizunguzungu cha nyumba kuzunguka na ule wepesi wa kichwa unaotangulia kuzirai vinaulizwa maswali tofauti.

Hapa usikisie. Rudi kwa aliyeandika ujumbe, muulize mgonjwa alisema nini hasa. Mara nyingi utagundua kwamba mgonjwa aliongea Kiswahili tangu mwanzo, muuguzi akakigeuza Kiingereza kwenye faili, na wewe sasa unakirudisha kikiwa kimepoteza nusu ya umbo lake. Kama alisema «nilisikia kama kizunguzungu», rudisha hivyo hivyo. Kama hakuna wa kumuuliza, chagua «kama kizunguzungu hivi», kwa sababu haimpunguzii mgonjwa ukali wa alichokisikia. «Kidogo» inapunguza, na ukipunguza dalili ambayo huijui umekwishaingia kazi ya daktari.

«Kidogo» yenyewe iangalie inapokaa. Nyuma ya neno ni kiasi: «nimechoka kidogo», «nina nafuu kidogo». Nyuma ya ombi ni adabu, na haina kiasi chochote: «njoo kidogo», «nisogezee kidogo», «naomba unisikilize kidogo», hata kama maelezo yatachukua saa nzima. Ikiwa mbele ya kitenzi kinachoishia na -e ni jambo lililokaribia kutokea lisitokee: «kidogo nianguke», sawa na «nusura nianguke». Mgonjwa wa kizunguzungu akiandika «kidogo nianguke bafuni», asije akatokea mfasiri akasema ameanguka kidogo.

«Kama» nayo ina uso wa pili, wa sharti. «Ulisema unasikia kama kizunguzungu» iko salama, kwa kuwa kitenzi kimekwishatajwa. Lakini «kama unasikia kizunguzungu» ni kwamba ukisikia. Ujumbe ukianza na «kama», msomaji anasubiri agizo la nini afanye. Lile «hivi» la mwishoni husaidia kuziba mwanya huo: «kama kizunguzungu hivi», «kama saa mbili hivi», «watu kumi hivi».

Njia nyingine ya kulegeza, ambayo wafasiri wengi wanaisahau kwa sababu haimo kwenye maandishi ya Kiingereza yaliyo mbele yao, ni kurudufu neno. «Anaumwaumwa» ni mtu ambaye leo mzima kesho hoi, hakuna ugonjwa wa kuutaja jina. Kitambaa chenye wekundu usioiva tutasema ni «chekundu chekundu hivi». Ukikutana na «kind of» inayokuchosha, jaribu mlango huu kabla hujaenda kwenye «kwa namna fulani», ambayo inafaa mihadhara na haimfai mgonjwa.

Twende kwenye «maybe» zako mbili, ambazo kwa macho zinafanana. Ya kwanza, kwamba ni vidonge vipya, ni shaka ya kweli. Muuguzi hajui. Akiandika bila shaka hiyo, Rehema ataamini kwamba dawa ndiyo mbaya, ataiacha, na pengine atawaambia na majirani. Hiyo lazima ibaki, ila isikae ilipokaa kwenye Kiingereza. «Ni labda vidonge vipya» ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Neno la shaka kwetu linatangulia: «huenda ni vile vidonge vipya», «labda ni vile vidonge vipya», «pengine ni vidonge». Mimi kwenye maandishi ya tiba hupenda «huenda», kwa sababu «labda» ina kazi nyingine nyingi mitaani na msomaji anaweza kuidharau.

Ya pili, kwamba ameze nusu, si shaka hata chembe. Muuguzi anatoa agizo, ila Kiingereza chake kinaona haya kuamrisha. Ukiandika «labda meza nusu», Rehema ana haki ya kumeza kizima, au kuacha kabisa, au kusubiri muuguzi aamue. Hiyo «labda» ndiyo ambayo ningeikata kwa kalamu nyekundu bila kumuuliza mtu. Adabu yake inaingia kwenye «naomba» na kile kitenzi cha -e: «leo usiku naomba umeze nusu kidonge tu.» Ni agizo, halina mwanya, na hakuna mama wa watu atakayesema amefokewa.

Angalia pia «labda» inapofuata kauli ya kukanusha, kwa sababu inageuka na kuwa «isipokuwa». «Huna haja ya kuja, labda homa ipande» maana yake homa ikipanda uje. Ukiwa unatafsiri sentensi mbili za Kiingereza, ya kwanza ya kukanusha na ya pili ikianza na «maybe», tazama kama hujazitengenezea sharti bila kukusudia. Mfano ni muuguzi aliyetaka kusema kwamba leo asije, na kwamba huenda daktari akampigia simu. Mkiandika «Usije leo, labda daktari akupigie», mgonjwa ataelewa kwamba aje endapo daktari atapiga. Hapo «huenda» inakuokoa: «Leo usije. Huenda daktari akakupigia.»

Na kwa haki ya «labda», mhariri asikudanganye kwamba kila ilipo pana shaka. Nenda kikao chochote, msemaji akishika kipaza sauti atasema «labda nianze kwa kuwashukuru», naye hana shaka na shukrani zake. Wengine huitumia kwa mfano: «ukienda labda sokoni ukakuta nyanya…». Kwenye mazungumzo ni sawa kabisa. Kwenye ujumbe wa dozi haina nafasi.

Jambo moja la majibu: Rehema akijibu «Inshallah kesho nitafika», usimpelekee muuguzi «maybe». Mtu huyo ameahidi kwa namna watu wanavyoahidi. Sote tunaijua na ile «inshallah» ya kukwepa, lakini hiyo hutambulika kwa sauti na kwa sura, na ujumbe wa simu hauna vyote viwili.

Ujumbe wetu sasa ningeuandika hivi, nikichukulia kwamba muuguzi amethibitisha Rehema alisema «kama kizunguzungu»:

«Habari za jioni, dada Rehema. Nimeona nikujulie hali. Ulisema unasikia kama kizunguzungu hivi. Huenda ni vile vidonge vipya, kwa hiyo leo usiku naomba umeze nusu kidonge tu. Kesho tunaomba upite kliniki.»

Hesabu: «tu» moja, shaka moja, ulegezaji mmoja wa dalili. Vingine vyote vimehamia kwenye salamu, kwenye «dada», kwenye «nimeona» na kwenye «naomba» mbili. Huyo «dada» usimpuuze. Kiingereza kimetaja jina tupu, kikalainisha kwa «just». Sisi tukitaja jina tupu tumekwishakuwa wakavu, na hakuna «tu» itakayotuokoa. Kama umri wake unaruhusu, awe «mama Rehema».

Lile ombi la mwisho nimeliacha bila «mara moja» kwa makusudi. Ukimwita mtu ana kwa ana, «njoo mara moja» mara nyingi ni kumwita kwa muda mfupi tu, sawasawa na ile «just pop in». Kwenye maandishi ya kliniki, «ufike kliniki mara moja» inasomeka kama dharura, na mtu atakodi bodaboda usiku. Kama unataka kuonyesha kwamba hatachukua muda mrefu, liseme hivyo: «hatutakuchelewesha».

Ukiwa na wasomaji wa Kenya pia, «naomba» hizi zitasikika za Kitanzania mno lakini hazitamuudhi mtu. Nairobi utakuta «nisaidie na…» ikifanya kazi hiyo kwenye ombi la kitu, na kwenye agizo la dawa «tafadhali» inatosha.

Kwa mhariri wako, usirudishe faili zima kwa ubishi. Mrudishie orodha ya zile alizokata ambazo zilikuwa mbele ya dalili, nyuma ya kipimo, au kwenye sababu ya ugonjwa, na kila moja mwandikie mgonjwa atafanya nini isipokuwepo. Zilizobaki mwachie.